Oda zimeshuka karibu nusu na kila mtu analaumu bei: kisa cha tangazo la shuka na daftari la mabadiliko

Hiki ni kisa cha duka moja la shuka pale Kariakoo linalouza pia mtandaoni. Jina la duka, watu wake na jukwaa wanalouzia nimeyaacha, na vitu vingine vya kumtambulisha mtu nimeviondoa. Naandika kwa sababu kila mwezi napokea simu ileile, "kaka mauzo yameanguka ghafla", halafu nikiuliza mlibadilisha nini kwenye tangazo najibiwa hakuna, na baada ya nusu saa ya kuchimba tunakuta vitu vinne vilibadilishwa wiki moja na hakuna aliyeandika hata kimoja.

Mandharinyuma

Mwenye duka ni dada mmoja, ana uzoefu wa miaka kwenye nguo za kitandani. Mtandaoni kazi inafanywa na kijana wake, yeye ndo anapiga picha, anajaza maelezo, anajibu wateja na anafunga mizigo ya bodaboda. Dada ana namba ya siri ya akaunti pia na anaingia akitaka, hasa kubadilisha bei. Kwa hiyo mikono miwili kwenye tangazo moja, kumbuka hilo.

Tangazo lenyewe lililokuwa linabeba duka ni moja tu, seti ya shuka 2 na foronya 4, za pamba, saizi mbili, 5x6 kwa shilingi 42,000 na 6x6 kwa 48,000. Mteja analipa mzigo ukifika. Wiki nne kabla ya tatizo oda zilikuwa 21, 24, 20 na 23, yaani wastani wa 22 kwa wiki, kati ya hizo kama 14 ni 5x6 na 8 ni 6x6.

Jukwaa linatoa ripoti ya kila siku, nayo kwangu ina ngazi tatu tu za kujali. Ya kwanza ni mara ngapi tangazo limetokea mbele ya mtu aliyetafuta, ya pili limefunguliwa mara ngapi, ya tatu oda. Kwa duka hili, kwa wiki ya kawaida lilikuwa linatokea kama mara 9,200, linafunguliwa mara 370, oda 22. Ukiwa na ngazi hizi tatu unajua pa kuanzia kutafuta, maana kitu kinachoharibu kutokea (mfano maneno ya kichwa au kundi la bidhaa) sio kinachoharibu kufunguliwa (picha ya kwanza, bei inayoonekana nje), na sio kinachomfanya mtu afungue halafu aondoke bila kununua.

Kilichotokea

Nitaiita wiki ya mabadiliko wiki A ili tusichanganyane. Haya nayoyaandika hapa tuliyajua baadaye sana, wakati yanatokea hakuna aliyeyaona kama mlolongo.

Jumatatu dada alipandisha 5x6 kutoka 42,000 kwenda 45,000 kwa sababu mzigo mpya ulikuja na bei ya juu. Alhamisi mchana kijana alibadilisha picha ya kwanza, akatoa ile ya shuka zimekunjwa juu ya kaunta akaweka ya kitanda kimetandikwa, picha nzuri kweli, mwanga umekaa vizuri. Jumamosi usiku, duka limefungwa, akiwa kwake, akafanya mambo mawili kwa mkupuo: akaongeza saizi ya 3.5x6 kwa 28,000 kwa ajili ya wanafunzi na wanaolala vitanda vidogo, na akafupisha maelezo ya tangazo kwa sababu aliona ni marefu mno. Kwenye kufupisha ndo ikaondoka mistari inayosema ndani ya seti kuna vipande vingapi.

Wiki A iliisha na oda 20, hakuna aliyeshtuka. Wiki B oda 12. Dada akasema ngoja tuone. Jumatatu ya wiki C akarudisha bei ya 42,000, na hapa simlaumu hata kidogo, maana mabadiliko pekee aliyoyakumbuka ni yale aliyoyafanya yeye mwenyewe. Wiki C ikaisha na oda 11. Wiki D akaamua kubusti, akalipa shilingi 60,000 tangazo lioneshwe kwa watu wengi zaidi. Likafunguliwa mara 810, zaidi ya mara mbili ya kawaida, na oda zikawa 13.

Hapo ndo nikapigiwa. Maneno yake nayakumbuka: "Kaka, watu wanaingia wengi kuliko zamani, hawanunui. Hii bei imetuharibia jina."

Kutengeneza daftari baada ya jambo kutokea

Nilipofika nikaomba kitu kimoja, orodha ya kila kilichoguswa kwenye tangazo kwa wiki sita. Haikuwepo. Jukwaa lenyewe linaonyesha tarehe ya mara ya mwisho tangazo kuhaririwa na basi, haliweki historia ya kilichokuwepo kabla, kwa hiyo maelezo ya zamani yalikuwa yameshafutika kabisa.

Tukaanza kuokota vipande. Tukafungua WhatsApp ya dada na kijana tukapanda juu wiki hadi wiki. Ujumbe wa Jumatatu upo: "mdogo wangu nimepandisha 5x6 iwe 45, ukiulizwa sema mzigo mpya". Picha tuliipata tarehe yake kwenye simu ya kijana, kwenye galari. Maelezo ya zamani tuliyapata kwa bahati, mteja mmoja aliwahi kutuma skrinshoti akiuliza kama foronya ni nne kweli, na kwenye ile skrinshoti maandishi yote yanasomeka. Saizi ya 3.5x6 kijana aliikumbuka mwenyewe baada ya kuulizwa mara ya tatu, tena kwa kusitasita, kwa sababu kwake ile haikuwa kubadilisha tangazo, ilikuwa kuongeza bidhaa. Aliniambia, "Hiyo si nimeongeza tu kaka, sijagusa kitu." Hii kauli nimeshaisikia kwa watu wengi. Kuongeza saizi, kuongeza rangi, kubadilisha siku za kuandaa mzigo, mtu haoni kama ni kuhariri kwa sababu hajafuta neno lolote, wakati kwa mteja ukurasa umeshakuwa ukurasa mwingine.

Kazi hii ya kuokota ilikula siku moja na nusu. Kama ile skrinshoti isingekuwepo tungekuwa tunabahatisha maneno.

Kuanguka kulianza siku gani

Sasa tuna mabadiliko manne na siku zake. Swali ni lipi. Dada alitaka tuangalie oda za kila siku tuone zilianza kushuka lini, nikamwambia oda za siku hazitatusaidia, na hapa nieleze taratibu kwa sababu ndo sehemu watu wengi wanapotea.

Oda 22 kwa wiki ni kama 3 kwa siku. Kitu kinachohesabika kwa namna hii huwa kinayumba chenyewe bila sababu, na kipimo cha haraka cha kuyumba ni kuchukua kipeuo cha pili cha wastani, ukakizidisha mara mbili. Kwa 3 kwa siku unapata kuyumba kama 3 na nusu, maana yake siku ya oda 0 na siku ya oda 6 zote ni za kawaida. Hutajua chochote. Kwa wiki, kipeuo cha 22 ni kama 4.7, mara mbili ni 9 na kitu, kwa hiyo wiki ya oda 13 mpaka 31 bado ni ileile. Wiki B ya 12 peke yake iko mpakani, ya kutilia shaka tu. Ila 12 ikifuatiwa na 11 hiyo sio bahati mbaya tena.

Kwenye Google Sheets niliwawekea mstari huu, ukiwa na oda za wiki nne zilizopita kwenye safu ya B unakupa namba ambayo ukishuka chini yake uanze kufungua daftari:

```
=AVERAGE(B2:B5)-2*SQRT(AVERAGE(B2:B5))
```

Kwa 21, 24, 20 na 23 inatoa 12.6.

Sasa kama oda za siku hazina sauti, tafuta ngazi yenye namba kubwa. Kufunguliwa kulikuwa kama mara 53 kwa siku, kuyumba kwake kwa kawaida ni kati ya 38 na 67, hapo hata siku moja ikitoka nje ya mpaka unaiona. Tukapakua ripoti ya siku kwa siku. Kuanzia Jumatatu ya wiki A: 51, 55, 49, 54, 57, 52, halafu Jumapili 76, Jumatatu 73, Jumanne 79. Na haikushuka tena.

Kijana aliiona kabla yangu. Akaweka kidole kwenye skrini pale kwenye Jumapili akanyamaza.

Bei ilipanda Jumatatu, siku sita nzima zikapita bila kitu kubadilika. Picha ilibadilika Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ziko palepale, 57 na 52. Kilichogeuka kiligeuka kati ya Jumamosi usiku na Jumapili. Tena kiligeuka kwa kupanda, ndo maana hakuna aliyekitafuta huko, watu wanatafuta kilichoshuka.

Tukaenda kwenye ngazi ya kwanza, kutokea, iko palepale, 9,100 kwa wiki. Kwa hiyo watu walewale wanaliona tangazo ila wanalifungua zaidi. Mtu kabla hajafungua anaona vitu vitatu tu, picha, kichwa na bei. Picha imeshatoka kwenye mashtaka kwa tarehe yake, kichwa hakikuguswa. Imebaki bei, na bei inayoonekana nje kwenye hili jukwaa ni ya saizi ya chini kuliko zote. Nikachukua simu yangu nikatafuta "shuka 5x6" kama mteja. Tangazo likaja, picha ya kitanda kikubwa kimetandikwa, chini yake 28,000.

Mtu anafungua akijua amepata shuka ya 5x6 kwa elfu 28. Ukurasa unafunguka, 3.5x6 imeshachaguliwa yenyewe kwa sababu ndo iliyo juu kwenye orodha. Akigusa 5x6, bei inaruka mpaka 42,000 mbele ya macho yake.

Na ushahidi mwingine ulikuwa umelala kwenye meseji muda wote. Kabla, maswali ya wateja yalikuwa matatu manne kwa wiki. Wiki B yalikuwa 17. Kati ya hayo 13 ni ya bei na saizi, "hiyo 28 ni ya 5x6?", "mbona nikichagua inabadilika", mmoja kaandika "acheni utapeli". Manne yaliyobaki yanauliza seti ina vipande vingapi. Kijana alikuwa anayajibu moja moja kwa upole bila kuyahesabu.

Ukigawa zile oda 12 za wiki B kwa saizi unapata picha mbaya zaidi. 3.5x6 zilikuwa 5, na 3 kati ya hizo zilikataliwa mlangoni, mteja kafungua mzigo kakuta shuka haifiki mwisho wa godoro. 5x6 zilikuwa 4, 6x6 zilikuwa 3. Yaani zile saizi mbili zilizokuwa zinaleta oda 22 sasa zinaleta 7, na bodaboda tatu zimelipwa bure.

Maamuzi na sababu zake

Tarehe ilituonyesha Jumamosi usiku, lakini Jumamosi usiku kuna mambo mawili, saizi na maelezo. Yote mawili yanaweza kumfanya mtu aondoke bila kununua. Dada alitaka turudishe vyote usiku uleule, na kwa hasara aliyokuwa nayo namuelewa kabisa. Nilimwomba turudishe kimoja kwanza, kwa sababu tukirudisha vyote na oda zikapanda hatutajua kama 3.5x6 ndo tatizo, na ile 3.5x6 ni bidhaa ambayo kweli alitaka kuiuza, asingejua aiweke wapi.

Tukaanza na saizi kwa sababu mbili. Meseji 13 dhidi ya 4, na ile ruka ya kufunguliwa, maelezo hayawezi kuisababisha kwani mtu hayaoni kabla hajafungua.

Kuhusu namna ya kurekebisha, wazo la kwanza la kijana lilikuwa kuishusha 3.5x6 chini kwenye orodha. Isingesaidia vya kutosha, ingeondoa ile ya kujichagua yenyewe, ila bei ya nje ingebaki 28,000. Tukaitoa kabisa kwenye tangazo, tukaifungulia tangazo lake na picha ya kitanda kidogo.

Kabla ya kubonyeza chochote tulifungua daftari. Ni karatasi moja tu ya Google Sheets wanayoiona wote wawili kwenye simu zao. Safu zake ni tarehe na saa, tangazo gani, nani kabadilisha, kitu gani, ilivyokuwa kabla, ilivyo sasa, kwa nini, tunategemea namba gani ibadilike, na tarehe ya kuja kuangalia. Mstari wa kwanza uliandikwa hivi: Jumanne 20:40, shuka pamba seti, kijana, saizi, kabla 3.5x6 / 5x6 / 6x6, sasa 5x6 / 6x6, bei ya nje inadanganya, kufunguliwa kurudi kwenye 50 na kitu kesho na oda kurudi juu ya 13 kwa wiki, angalia baada ya wiki mbili.

Mambo mawili kwenye daftari niliyasisitiza. La kwanza safu ya "kabla" inabandikwa maandishi yenyewe kama yalivyo, neno kwa neno, sio "nimefupisha maelezo", maana siku unataka kurudisha utahitaji yale maneno na hutayakumbuka. Picha ya zamani inahifadhiwa kwenye folda na jina lake linaandikwa pale. La pili saa inaandikwa kama simu inavyoonyesha, 20:40, isiwe saa mbili na dakika arobaini. Tulipokuwa tunaokota yale mabadiliko ya zamani kuna ujumbe ulisema "nimeweka saa tano" na hatukujua kama ni asubuhi au usiku, na kwa ripoti ya siku kwa siku hiyo tofauti inakuhamisha siku nzima.

Na sheria moja, tangazo moja haliguswi mara mbili ndani ya wiki mbili, isipokuwa kuna kosa la kumdhuru mteja kama bei imeandikwa ikakosa sifuri moja, hilo linarekebishwa papo hapo na linaandikwa.

Matokeo

Jumatano kufunguliwa kulikuwa 58, Alhamisi 50, Ijumaa 55. Siku moja tu na ngazi ile ikarudi ilipokuwa. Oda zilichukua muda wake, wiki ya kwanza 19, ya pili 21, zote za 5x6 na 6x6. Tangazo jipya la 3.5x6 lilileta 4 halafu 6, na hakuna iliyokataliwa mlangoni.

Baada ya wiki mbili tukarudisha maelezo ya zamani kutoka kwenye ile skrinshoti, yale ya shuka 2 na foronya 4. Oda zikawa 22 na 21. Hapo siwezi kusema kitu, tofauti ya 21 na 22 imo ndani ya kuyumba. Kilichobadilika kinachoonekana ni maswali ya vipande, yalitoka manne kwa wiki yakawa moja au hakuna. Kijana anasema hiyo peke yake inamtosha.

Kisha bei, na hii ndo niliyoingoja. Ile 45,000 ilirudishwa, peke yake, imeandikwa kwenye daftari. Wiki tatu zikaja 20, 23, 19. Yaani wateja walikuwa tayari kulipa 45,000 tangu mwanzo, bei iliyolaumiwa wiki tatu haikuwa na kosa tunaloweza kulipima. Hasara ya kulaumu kitu kisicho chenyewe ilikuwa kama oda 30 zilizopotea wiki B mpaka D, na ile 60,000 ya kubusti, ambayo ililipia watu wengi zaidi waje waone bei inayowakasirisha.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kilichotuokoa kwa kweli ni kwamba mabadiliko yaliangukia siku tofauti. Kama dada angepandisha bei Jumamosi usiku uleule, ripoti ya siku isingeweza kutenganisha, tungelazimika kurudisha kimoja kimoja kwa wiki mbili mbili na oda zinaendelea kupotea. Daftari linakuambia kitu gani kilitangulia kuanguka, halithibitishi kwamba ndo kimesababisha, uthibitisho ulikuja pale tulipokitoa peke yake na namba zikarudi. Ndo maana kutenganisha siku kuna thamani kuliko hata uzuri wa daftari lenyewe, daftari safi lenye mabadiliko matano ya Jumamosi moja halikusaidii sana.

Safu ambayo nilidhani wataiacha ni ile ya "tunategemea namba gani ibadilike", ila ndo imebadilisha namna kijana anavyofanya kazi. Akitaka kubadilisha picha lazima kwanza aandike kwamba anategemea kufunguliwa kupande, na akishaandika hivyo anajua pa kuangalia. Ile 3.5x6 kama ingeandikwa Jumamosi ile, kwenye safu hiyo angeweka "oda mpya za vitanda vidogo", na kuona kufunguliwa kumeruka siku ya pili kungemshtua, kwa sababu hakukutegemea.

Kuna mahali daftari letu lenyewe lilishindwa. Baada ya zile wiki tatu za bei ikaja wiki ya oda 13, na iliyofuata ikaanza vibaya. Tukafungua daftari, siku kama thelathini hakuna mabadiliko yoyote. Kutokea kawaida, kufunguliwa kawaida. Tukapoteza siku nzima tunasoma meseji. Halafu dada mwenyewe akasema hebu zigawe kwa saizi, tukakuta 6x6 haijauzwa hata moja tangu Jumanne. Kijana alikuwa ameuza za mwisho kwa wateja wa dukani, stoo imeisha, kwenye tangazo 6x6 inaonekana ila haichaguliki. Hakuna aliyeandika kwa sababu daftari lilikuwa la mabadiliko ya tangazo na kuisha kwa mzigo hakuna aliyekuona kama mabadiliko, ni kosa lilelile la "nimeongeza tu". Nililitengeneza mimi hivyo, tundu lilikuwa langu. Sasa kuna mistari ya rangi ya njano kwa vitu visivyo vya tangazo: mzigo kuisha na kurudi, ofa ya jukwaa, sikukuu, tangazo la kulipia limewashwa lini na kuzimwa lini. Na oda zinaandikwa kwa saizi, sio jumla peke yake.

Kingine, sheria ya wiki mbili inauma kwa duka dogo. Dada amelalamika zaidi ya mara moja kwamba akiwa na mawazo matano atamaliza miezi miwili na nusu. Ni kweli. Duka lenye oda 200 kwa wiki lingejua ndani ya siku chache, la oda 22 haliwezi, namba zake ni ndogo mno. Nafuu pekee niliyompa ni kwamba matangazo tofauti yanaweza kuguswa wiki moja, mradi kila moja liguswe kitu kimoja.

Na ile picha ya kitanda ya Alhamisi bado ipo pale juu. Siku mbili za 57 na 52 zinaonyesha haikuharibu kufunguliwa, lakini kama inasaidia kuliko ile ya shuka zilizokunjwa hatujui, haijawahi kupata wiki zake mbili peke yake. Iko kwenye daftari, safu ya mwisho imeandikwa Jumatatu ijayo, na jina la picha ya zamani liko pembeni yake tayari kurudishwa.